Walivijua vivuli, wakaviacha: daraja la Hiroshige na jicho la Ulaya

*"Ninaishi Rotterdam, kazi yangu ni kuchapa fulana kwa skrini. Juzijuzi nilinunua sokoni kwa wauza vitu vya zamani picha ya Kijapani: daraja, mvua kubwa, watu wanakimbia na miavuli. Rafiki akanionyesha kwamba Van Gogh aliipaka picha hiyohiyo kwa rangi za mafuta. Shuleni tuliambiwa Wajapani hawakujua kuchora vivuli, ndiyo maana picha zao ni bapa, na kwamba Wazungu waliziona kwa bahati tu, zikiwa zimefungiwa vyombo vya kauri. Ni kweli? Na kama ubapa ulitokana na kutojua, Wazungu walipenda nini? Halafu hii yangu inaweza kuwa ya asili? Imegandishwa kwenye kadibodi, nataka kuibandua niitie fremu niiweke sebuleni."*

Kadibodi kwanza: usiibandue. Sababu nitaieleza mbele, lakini kama umeshaandaa bakuli la maji ya uvuguvugu, yamwage.

Picha yako, iwe ya asili au nakala, inatokana na kazi ya Utagawa Hiroshige iliyotoka mwaka 1857 huko Edo, mji unaoitwa Tokyo siku hizi. Ni moja katika mfululizo wa mandhari mashuhuri za Edo alioutoa mchapishaji Uoya Eikichi kati ya 1856 na 1859. Jina la mfululizo linataja mandhari mia moja, ingawa zilizotoka zilizidi hapo, na Hiroshige alifariki mwaka 1858 kabla haujakamilika. Daraja ni Shin-Ohashi, juu ya Mto Sumida, na ukingo ule wa kijivu ng'ambo ni mtaa wa Atake. Mvua imeshuka ghafla. Watu wamejikunyata chini ya miavuli, na mtoni kuna mtu mmoja anasukuma chelezo cha magogo kwa upondo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Swali lako la ubapa linajibiwa na namna picha hii ilivyotengenezwa, kwa hiyo nianzie hapo. Hiroshige hakuchonga ubao wala hakuchapa karatasi hata moja. Mchapishaji alitoa mtaji na kuamua kitakachouzika. Mchoraji akaleta mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaigandisha karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, kisha akachonga na kuondoa mti pande zote mbili za kila mstari. Mchoro wenyewe ulikufa hapohapo, ukakatwa pamoja na mti. Kilichobaki ni mistari iliyoinuka juu ya uso wa ubao, tayari kupokea wino.

Ubao huo wa mistari ulichapwa nakala kadhaa, na kwenye kila nakala mchoraji akaonyesha sehemu za rangi moja tu: hapa njano ya daraja, pale buluu ya mto. Kila nakala ikawa kielelezo cha ubao wake. Wewe unayechapa fulana unalielewa jambo hili haraka kuliko wasomi wengi wa sanaa, maana ni kama kuwa na skrini moja kwa kila rangi, na balaa lake ni lilelile: rangi ya pili ikihama kidogo, kazi imeharibika. Dawa yao ilikuwa alama mbili zinazoitwa kento, moja ya pembe na nyingine ya mstari mnyoofu, zilizochongwa mahali palepale kwenye kila ubao. Mchapaji alikalisha kona ya karatasi kwenye alama ya kwanza, ukingo kwenye ya pili, akailaza. Kwa njia hiyo, kuanzia mwaka 1765, enzi za mchoraji Suzuki Harunobu, Edo iliweza kutoa picha za rangi nyingi zilizokaa sawasawa na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida.

Ufundi wenyewe haukuzaliwa Japani. Uchina ilichapa kwa mbao tangu zamani sana. Kitabu cha Kibuddha kilichokutwa Dunhuang kina tarehe ya mwaka 868, na huko Nanjing mwaka 1633 kulitolewa kitabu cha picha za rangi kilichochapwa kwa vibao vingi. Ila picha zilizogeuza macho ya Ulaya zilikuwa za Edo, kwa hiyo nabaki Edo.

Sasa mchapaji. Karatasi yake ilitengenezwa kwa magome ya mforosadi wa karatasi, nyuzi ndefu zisizochanika ovyo, ikapakwa gundi na shabu ili rangi isitambae, kisha ikalowanishwa kidogo. Rangi ilikuwa ya maji, ikachanganywa na uji mwepesi wa wanga wa mchele juu ya ubao na kusambazwa kwa brashi. Karatasi ikawekwa juu, na mgongo wake ukasuguliwa kwa baren, kisahani kilichofunikwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine ya kukandamiza. Ni mkono, na uzito wa bega.

Msuguano huo ndio unaotofautisha picha hizi na za Ulaya. Wino wa mafuta hukaa juu ya karatasi, una unene na mng'ao wake. Rangi ya maji ikisukumwa kwa baren inazama ndani ya nyuzi, ikawa kitu kimoja na karatasi. Haina alama ya brashi, haina kivuli chake yenyewe, haina mahali inaponenepa. Ukitazama sehemu ya buluu unaona buluu tupu, pengine na mishipa ya mti imejichapa humo. Ubao nao hauna lugha ya nusu-nusu: mti ulioinuka unachapa, uliokatwa hauchapi. Mtu anayefanya kazi na chombo cha namna hiyo anajifunza kufikiri kwa maumbo, huyu hapa na yule pale, na mpaka kati yao uwe mstari ulio wazi. Rangi bapa na mstari imara vilikuwa njia nyoofu zaidi ya kifaa chenyewe, na wachoraji wa Edo waliigeuza njia hiyo kuwa mtindo.

Lakini usidhani kifaa kiliwafunga. Tazama sehemu ya juu kabisa ya picha yako. Kuna wingu jeusi linaloshuka na kufifia, kingo zake hazina mpangilio. Hiyo inaitwa bokashi: mchapaji aliupangusa ubao kwa mkono ili rangi ipungue taratibu upande mmoja, na alirudia hivyo kwa kila karatasi. Ndiyo maana mawingu ya nakala mbili za picha hii hayafanani kabisa. Mto nao umekolea mahali na kupauka mahali. Kwa maneno mengine, walikuwa na uwezo wa kutoa mpito wa mwanga hadi giza, wakautumia mbinguni na majini. Kwenye miili ya watu hawakuutumia. Hakuna mtu hata mmoja pale darajani aliyetiwa kivuli usoni au chini ya miguu.

Na mvua yenyewe ni ushahidi wa ufundi, si wa ukosefu wake. Imechongwa kwenye vibao viwili tofauti, mistari ya kimoja imeinama kidogo kuliko ya kingine, moja nyeusi zaidi, nyingine hafifu. Zikikutana zinapishana, na jicho linaona mvua yenye kina. Mtu yeyote aliyewahi kushika patasi anajua maana ya kuacha kijistari cha mti chembamba kama unywele kikimbie karibu urefu mzima wa ubao bila kuvunjika, kisha ufanye hivyo makumi ya mara.

Je, walivijua vivuli vya Kizungu? Walivijua. Waholanzi, majirani zako hao, walikuwa na kituo cha biashara kwenye kisiwa cha Dejima, Nagasaki, tangu 1641, na vitabu vyao vyenye picha viliingia nchini. Kufikia miaka ya 1740 wachoraji wa Edo walikuwa wakitoa picha zinazofuata kanuni ya Kizungu ya mistari inayokutana kwa mbali. Shiba Kokan alitengeneza picha ya bamba la shaba, kwa ufundi wa Ulaya, mwaka 1783. Hiroshige mwenyewe alijua kuonyesha umbali. Ona jinsi ukingo wa Atake ulivyochorwa kwa kijivu bila mstari mzito ili usogee nyuma.

Kuna jambo moja hapa ambalo mimi hulifurahia kila mara. Ile buluu nzito unayoiona kwenye mto si ya Kijapani kwa asili. Ni buluu ya Prashia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani kwa meli na kuenea kwenye picha za chapa kuanzia miaka ya 1830 hivi, ndipo mchoraji Hokusai akaitumia kwa lile wimbi lake kubwa. Kabla yake buluu ilitoka zaidi kwenye maua na majani, na ile ya maua ilififia upesi. Kwa hiyo Mfaransa wa mwaka 1870 aliyeshangilia buluu ya Kijapani alikuwa anashangilia, kwa sehemu, rangi ya Kijerumani iliyosafiri ikarudi nyumbani ikiwa imevaa kimono.

Habari ya kufungia vyombo ina chembe ya ukweli ndani yake. Inasimuliwa kwamba mchoraji Félix Bracquemond alikiona mwaka 1856 jijini Paris kitabu cha michoro ya Hokusai kilichokuwa kimetumika kuziba nafasi kwenye shehena ya kauri. Huenda. Picha hizi zilikuwa bidhaa rahisi kwao, na karatasi kuukuu hutumika popote. Ila kuifanya hadithi hiyo kuwa mlango mzima ni kosa. Philipp Franz von Siebold, daktari aliyekaa Dejima miaka ya 1820, alirudi na shehena ya vitu vya Kijapani, picha za chapa zikiwemo, na katika miaka ya 1830 watu walikuwa wanaingia nyumbani kwake Leiden kuvitazama. Leiden, mwendo mfupi tu wa treni kutoka kwako. Picha zilikuwepo, watu wakaziona, na hakuna mchoraji aliyebadilisha chochote.

Kwa hiyo kuona peke yake hakutoshi. Siebold alizionyesha kama habari za nchi ya mbali: hivi ndivyo wanavyovaa, hivi ndivyo wanavyojenga. Miaka 30 baadaye mambo mawili yalikuwa yamebadilika. La kwanza ni biashara. Japani ilitia saini mikataba na mataifa ya Magharibi mwaka 1858, bandari zikafunguliwa, na kwenye maonyesho ya London ya 1862 na ya Paris ya 1867 vitu vya Kijapani vilikuwa mbele ya macho ya maelfu. Maduka yakafuata. Mchoraji asiye na fedha aliweza kununua picha kadhaa kwa wakati mmoja na kuzibandika ukutani anapofanyia kazi, akaishi nazo.

La pili ni kwamba wachoraji wenyewe walikuwa wamechoka. Kwenye vyuo vya sanaa vya Paris kijana alifundishwa kuujenga mwili kwa mpito wa mwanga na kivuli, polepole, hadi mkono wa mtu kwenye turubai uonekane una mviringo wa kushikika. Ndiyo iliyoitwa kuchora vizuri. Édouard Manet alipopeleka kwenye maonyesho rasmi ya 1866 picha ya kijana mpiga filimbi, suruali yake nyekundu karibu haina kivuli, nyuma yake kijivu kitupu kisicho na sakafu wala ukuta, waamuzi waliikataa. Wapinzani wake walizifananisha kazi zake na karata za kuchezea. Miaka miwili baadaye alichora picha ya rafiki yake, mwandishi Émile Zola, na ukutani nyuma yake akaweka chapa ya Kijapani ya mpiga mieleka. Alikuwa anawajibu.

Hapa sitaki ubebe wazo kwamba kila kitu kilitoka Japani. Ufaransa ilikuwa na picha zake za bei rahisi zilizochapwa kwa mbao, zile za mji wa Épinal, zenye rangi bapa na mistari minene, zikiuzwa vijijini. Kamera nayo ilikuwa imeshaanza kuwazoesha watu maumbo yaliyokatwa ghafla pembeni. Tofauti ni kwamba msomi wa Paris aliziona picha za Épinal kuwa za washamba. Chapa ya Edo ilikuja na ubapa uleule, ila ukiwa na ustadi ambao hakuna aliyeweza kuudharau baada ya kuutazama kwa karibu. Ilimpa mchoraji ruhusa. Na kejeli ni kwamba huko Edo nazo zilikuwa vitu vya mtaani, vya kununua leo na kutupa kesho.

Sasa turudi kwenye picha yako na ile ya Van Gogh, kwa sababu ukizilinganisha unaona kilichopita na kilichokwama. Vincent van Gogh alifika Paris mwaka 1886. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 alinunua chapa za Kijapani zipatazo 660 kutoka ghala la darini la mfanyabiashara Siegfried Bing, akitaka kuziuza kwa faida. Alizionyesha kwenye mkahawa mmoja mwaka 1887, biashara ikadoda, akabaki nazo. Nyingi ziko Amsterdam hadi leo. Mwaka huohuo wa 1887 alinakili chapa chache za Kijapani kwa mafuta, mojawapo ikiwa hii ya mvua.

Nenda Amsterdam ukaitazame ikiwa ukutani, lakini hata kwenye skrini utaona. Kwanza turubai lake ni kubwa kuliko karatasi ya Hiroshige na vipimo vyake havilingani nayo, hivyo ilibaki nafasi pembeni. Aliijaza fremu ya kuchora yenye herufi za Kijapani alizozichukua kwenye chapa nyingine, kama pambo tu. Pili, rangi amezipandisha: daraja limekuwa njano kali zaidi, maji yamekuwa kijani na buluu zinazogombana. Tatu, na hili ndilo kubwa, maji yake hayatulii. Mto wa Hiroshige ni uso mmoja tulivu ambao mvua inapita mbele yake. Mto wa Van Gogh umejaa mapigo ya brashi, kila pigo lina unene na mwelekeo, yanashindana na mistari ya mvua mpaka mvua inapoteza makali.

Hakushindwa kwa uzembe. Rangi ya mafuta iliyopakwa nene haizami popote. Inasimama juu ya kitambaa na kushika mwanga. Unaweza kuiga mstari na kuiga umbo, lakini ule utulivu uliotokana na rangi ya maji kuingia kwenye nyuzi kwa msuguano wa mkono hauji kwa brashi. Nadhani alilijua hilo, maana baada ya kuhamia Arles mwaka 1888 aliacha kunakili na kuanza kutumia kanuni. Katika picha ya chumba chake cha kulala ya mwaka huo alimwandikia ndugu yake kwamba ameondoa vivuli na kutumia rangi bapa kama chapa za Kijapani. Kitanda, viti, sakafu, kila kimoja na rangi yake na mstari unaokizunguka. Hakuna daraja wala mwavuli humo ndani, na bado ni ya Kijapani kuliko ile nakala ya mvua.

Waliolibeba jambo hili mbali zaidi ni wale waliokuwa wachapaji kama wewe. Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, alitazama maonyesho makubwa ya chapa za Kijapani ya mwaka 1890, kisha akatengeneza picha 10 za wanawake nyumbani kwa bamba za shaba, zikiwa na mistari myembamba na rangi zilizotulia. Mwaka 1891 Henri de Toulouse-Lautrec akatoa bango lake la kwanza la ukumbi wa Moulin Rouge, lililochapwa kwa mawe ya litografia nakala zipatazo 3,000 na kubandikwa kwenye kuta za Paris. Watazamaji wa nyuma ni kivuli kimoja cheusi kilichokatwa kama kwa mkasi. Mbele kuna mwanamume wa kijivu aliyekatwa na ukingo wa karatasi. Katikati ni sketi nyeupe ya mchezaji, ambayo ni karatasi tupu iliyozungushiwa mstari. Mtu aliyepita na gari la farasi aliielewa kwa mara moja.

Hapo ndipo naona ladha ya Ulaya ilibadilika hasa, zaidi ya kwenye majumba ya sanaa. Uchapaji wa mawe ulikuwa na mahitaji yaleyale ya ubao wa Edo: rangi chache, kila rangi na jiwe lake, gharama ikipanda kwa kila rangi unayoongeza. Watengenezaji wa mabango walikuta watu wa upande wa pili wa dunia wameshautatua mgogoro wao. Kufikia mwisho wa karne hiyo bango, jalada la kitabu na kibandiko cha bidhaa vilizungumza kwa maumbo bapa na mistari imara, na mteja hakuona tena ajabu yoyote.

Sasa karatasi yako. Kuna mambo matatu inayoweza kuwa: chapa ya asili kutoka vibao vya Uoya, chapa ya mkono kutoka vibao vilivyochongwa upya baadaye, au nakala ya mashine. Hiyo ya katikati ndiyo inayowachanganya watu. Katika karne ya 20 karakana za Tokyo, ile ya Adachi ikiwemo, zilichonga upya kazi za Hiroshige kwa ufundi uleule na kuzichapa kwa baren. Si ughushi, ni biashara halali, na nyingi ni nzuri. Lakini si za 1857.

Chukua lenzi ya kukuza mara kumi. Ukiona nukta ndogo za rangi zilizopangwa safu, ni mashine, na hapo umemaliza. Itie fremu, ifurahie. Usipoziona, pima. Karatasi ya asili ilikuwa takriban sentimita 36 kwa 25, ikipunguzwa kidogo pembeni mara nyingi. Ikiwa yako imezidi sana au imepungua sana, si yenyewe. Kisha tazama kama mishipa ya mti inaonekana kwenye buluu, na kama wingu la juu limefifia kwa mkono.

Kwa kawaida ningekuambia ugeuze karatasi, kwa sababu chapa ya baren inaonyesha rangi iliyopenya hadi mgongoni na pengine mikwaruzo ya kisahani. Kadibodi imekunyima hilo. Kwa hiyo tumia kipimo ambacho mimi nakiamini zaidi hata hivyo: mistari iliyovunjika. Makumbusho ya Brooklyn yana mfululizo mzima na picha zake zinatazamwa bure mtandaoni. Ifungue hii ya daraja, ikuze, chagua sehemu moja ya nguzo au ya mwavuli, utafute mahali mstari umekatika au umepinda kidogo. Vibao vilevile hubeba makovu yaleyale. Kama mikatiko inalingana moja kwa moja, una sababu ya kuendelea. Kama mistari yako ni mizima mahali ambapo yao imevunjika, au imepinda tofauti, ubao ni mwingine. Tahadhari mbili: vibao vya asili viliendelea kuchakaa, kwa hiyo chapa ya baadaye inaweza kuwa na mikatiko zaidi kuliko ya awali, na mihuri na sahihi haithibitishi kitu, maana mchongaji wa baadaye aliinakili nayo. Ung'avu wa rangi pia usikuamulie. Buluu ya Prashia haififii haraka, ila nyekundu ya maua hupauka, na chapa iliyokaa ndani ya albamu inaweza kung'aa kama ya jana.

Ukifika hapo na bado una shaka, ni wakati wa kumwonyesha mtu ana kwa ana, maana picha ya simu haionyeshi unene wa karatasi wala jinsi rangi ilivyozama. Wapigie makumbusho ya Leiden yanayotunza mkusanyiko wa Siebold na uulize kama wana siku ya kupokea maswali ya umma, au nenda kwa muuzaji anayejihusisha na chapa za Kijapani peke yake. Usimuuzie siku hiyohiyo anayekukadiria bei. Usilipe pia gharama za ukarabati kabla ya kujua ulichonacho, kwa sababu kazi ya mtaalamu wa karatasi inaweza kukuzidi bei ya chapa ya karne ya 20.

Ikithibitika ni ya mkono, ya asili au iliyochongwa upya, hapo kadibodi ni kazi ya mtaalamu wa kuhifadhi karatasi na si yako wala ya fundi wa fremu. Rangi hizi ni za maji. Gundi iliyotumika huijui. Ikiwa ni ya wanga italegea kwa unyevu, lakini nyekundu inaweza kuhama pamoja nayo, na ikiwa ni ya kisasa utachuna uso wa karatasi kabla haijaachia. Kuiacha kama ilivyo nako kuna hasara, kwani kadibodi ya bei rahisi ina asidi na itaendelea kuigeuza karatasi kuwa ya kahawia. Hasara hiyo huja kwa miaka, ya bakuli la maji huja kwa dakika, kwa hiyo una muda wa kuuliza.

Kwa sasa ilaze kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, mbali na jiko na bafu. Sebuleni weka nakala. Makumbusho yenyewe huonyesha chapa hizi kwa muda mfupi chini ya taa hafifu, kisha huzirudisha gizani, kwa sababu rangi iliyochomwa na mwanga haina dawa. Kama umeipenda mvua hiyo kiasi cha kutaka kuiona kila siku, chora skrini zako mbili za mistari, moja imeinama kidogo kuliko nyingine, uichape mwenyewe. Na iwe nyembamba mistari hiyo. Hiroshige alikuwa na mchongaji, wewe una mwanga na dawa ya skrini, huna kisingizio.